Kiti Kile Kilitaka Mtu

Mama mdogo hakuwahi kuondoka mahali bila kukabidhi. Ukimkuta jikoni na akataka kutoka uani kuanika nguo, atasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, aseme: "Maziwa yako motoni, moto mdogo, mfuniko nimeuinua kidogo. Mtoto amelala, miguu imefunikwa. Dirisha la nyuma liko wazi." Kisha anasubiri. Ukinyamaza, haondoki. Ukisema "sawa" ukiwa umejilaza kwenye kochi, haondoki pia. Ilibidi unyanyuke, usogee karibu na jiko, uyaone maziwa kwa macho yako, ndipo useme: "Nimepokea."

Baba alimtania kila alipokuja kwetu.

"Shemeji, hata siku ya kufa utamwambia mtoa roho asogee karibu kwanza."

"Asogee, ndiyo," alijibu. "Na aseme amepokea. Sitaki kuachwa nining'inie hapo katikati."

Alikuwa mlinzi. Alilinda kwenye ghala la dawa, jengo refu la rangi ya kijivu lenye malori mbele na mashine za baridi zinazonguruma nyuma, na miaka yake mingi ya kazi aliimaliza ndani ya chumba kimoja kisicho na dirisha. Kilikuwa chumba cha kamera. Ndani yake mlikuwa na meza, skrini ukuta mzima, kisanduku chenye taa nyekundu na kijani za alamu za vyumba vya baridi, simu moja ya mezani, na kiti cha magurudumu ambacho gurudumu lake moja lilikuwa limekwama. Nilifika pale mara chache nikiwa chuoni, kumpelekea kitu au kuchukua ufunguo wa nyumba. Sikuruhusiwa kuingia. Nilisimama kwenye kizingiti nikamwona mgongo tu, na shingo yake nyembamba, na mbele yake milango midogo ya kijivu ambayo hakuna aliyekuwa akiipita.

Zamu ilidumu saa kumi na mbili. Aliingia alfajiri, akatoka jioni magharibi ikiingia, na mwenzake wa usiku akakaa mpaka alfajiri nyingine. Lindo, ndivyo walinzi wanavyoita mahali mtu anapopangiwa kulinda. Malindo mengine yanaweza kukaa bila mtu kwa muda mfupi, ukafunga kufuli ukaenda zako. Lile la kamera halikuruhusiwa kubaki tupu hata kidogo, usiku na mchana, sikukuu na siku za kazi, kwa sababu alamu ya vyumba vya baridi ililia mle ndani tu. Chumba kikipata joto, taa nyekundu inawaka, kisanduku kinalia, na mtu aliyekaa pale ananyanyua simu kumwita fundi na kumwambia mlinzi wa mlango akaangalie. Asiponyanyua simu, dawa zinaharibika taratibu na hakuna anayejua.

Kwa hiyo kupokezana kulikuwa na utaratibu wake. Anayeingia alipaswa kufika kabla ya saa ya zamu, siyo saa yenyewe. Alisimama nyuma ya kiti, wakatazama skrini pamoja, yule anayetoka akieleza: kamera ipi ina ukungu, mlango upi umefunguliwa na kwa idhini ya nani, alamu gani imelia mchana na ilishughulikiwa vipi. Funguo zilihesabiwa. Redio ilijaribiwa. Baada ya hapo anayetoka ananyanyuka na anayeingia anakaa, kiti kikiwa bado na joto. Mtu akija amelewa au mgonjwa, hapokelewi. Anayetoka anabaki na kumwita mkuu wa zamu.

Mapumziko yalikuwa vivyo hivyo, ila mafupi. Macho yanayotazama skrini huchoka mapema kuliko miguu inayosimama getini, na mtu akishachoka anaanza kuona bila kutazama. Kwa hiyo walikuwa na mlinzi wa ziada asiye na lindo lake, binti mmoja mchangamfu waliyemwita Akiba. Kazi yake ilikuwa kuzunguka. Alipokea kamera asubuhi, mama mdogo akaenda kunyoosha mgongo. Akapokea lango kuu, lango la mizigo, mlango wa vyumba vya baridi, kila mmoja akapata zamu yake ya chai na ya kula. Lango la mizigo alilikwepa saa za malori. Ukila wa kwanza wiki hii, wiki ijayo unakula wa mwisho, ili asiwepo mtu wa kula kila siku chakula kilichopoa.

"Mwanangu," mama mdogo alimwambia siku moja alipochelewa kidogo, "umepitia wapi, kuolewa?"

"Mama, lango la mizigo! Dereva kagoma kufungua turubai."

"Haya kaa. Kamera ya tatu ina buibui. Usije ukampigia simu fundi ukasema umeona jitu."

Mama mdogo alikuwa na kisukari. Alimeza vidonge alfajiri, na baada ya vidonge chakula kilikuwa na saa yake. Kikichelewa, mikono ilianza kutetemeka, jasho baridi likamtoka, maneno yakawa mazito mdomoni. Mfukoni mwa sare alikuwa na pipi siku zote. Kazini aliyejua alikuwa mtu mmoja, mkuu wa zamu, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole waliyemwita Kamanda. Mama mdogo hakutaka wengine wajue. Alikuwa mjane, nyumba ilisimama kwa mshahara ule, na aliona jinsi kampuni ilivyowaondoa wagonjwa, polepole, kwa barua za heshima.

Kisha mkataba na wenye ghala ulifanywa upya kwa bei ya chini, na Akiba akahamishiwa eneo jingine. Meneja wa operesheni alikuja asubuhi, wakapangwa mstari, akawaeleza kwamba mapumziko hayajafutwa. Kuanzia siku ile Kamanda mwenyewe angewapokea wote. Alikuwa na ratiba aliyoipanga. Kwenye ratiba ile Kamanda alimaliza lango kuu na kuanza mlango wa vyumba vya baridi katika dakika ileile.

"Kamanda," mlinzi wa lango kuu alinong'ona, jamaa mmoja mrefu kama mlingoti aliyeitwa Mrefu kwa sababu hiyohiyo, "hukutuambia kama una mabawa."

Kamanda hakucheka. Alikuwa na ripoti za kuandika, watu wa kukagua, madereva wa kugombana nao, na sasa malindo manne ya kupokea. Wiki za kwanza alikimbia kweli. Nadhani alikuwa mtu mwema. Lakini akichelewa langoni, malori yalipiga honi na wenye ghala wakatoka nje kuuliza, na akichelewa kwenye kamera hakuna aliyepiga honi. Kidogo kidogo kamera ikawa ya mwisho.

Halafu alipewa simu mpya iliyounganishwa na kamera. Ilikusudiwa kumsaidia kuona eneo lote akiwa kwenye mizunguko. Siku moja saa saba mchana, muda wa mama mdogo kula, redio iliita.

"Kamera, nenda kapumzike. Nimepokea."

"Uko wapi, Kamanda?"

"Niko huku. Naona kila kitu kwenye simu. Nakuona hata wewe kwenye korido ukitoka. Nenda kale."

"Na alamu ikilia, simu yako itanyanyua simu ya mezani?"

"Haijalia wiki nzima, mama."

"Kamanda, kiti hiki kinataka makalio. Hakitaki sauti."

Watu wote wenye redio walisikia. Ilikuwa kichekesho cha wiki ile. Wapakiaji walikidaka, hata fundi wa mashine za baridi akawa anasema, bisibisi mkononi, kwamba kazi hii inataka makalio. Na kila siku saa saba sauti ya Kamanda iliendelea kusema "Nimepokea kamera", na mama mdogo aliendelea kukaa. Siku Kamanda alipopata nafasi alikuja mwenyewe, saa nane, saa tisa, akihema, na mama mdogo akaenda kula. Siku nyingine hakuja. Kula mle ndani kulikatazwa kwa sababu ya mitambo, naye hakuwa mtu wa kuvunja katazo akiwa peke yake. Alimung'unya pipi.

Nilimuuliza wakati mmoja kwa nini asitoke tu. Ameambiwa atoke, sauti ya mkuu wake imesikika na watu wote, kosa halimhusu tena. Alikuwa akikunja sare, anapitisha mkono kwenye mikunjo.

"Nitoke nimwachie nani?" alisema. Hakusema kwa ushujaa. Alisema kama mtu anayeulizwa kwa nini hakuvua soksi kabla ya kuvua viatu.

Siku yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Kamanda aliita saa saba. Mama mdogo alibaki. Kamanda hakufika, kwani lori moja lilikuwa limegonga nguzo na alikuwa na maelezo ya kuandika. Pipi ziliisha alasiri. Aliita redio mara mbili kuomba apokelewe, na mara zote alijibiwa, "Nakuja, mama, nakuja." Jioni mwenzake wa usiku alichelewa, barabara ilikuwa imefungwa. Saa ya zamu ikapita. Kwa utaratibu, asiyepokelewa anabaki. Akabaki.

Anachokumbuka ni kwamba skrini zilianza kuonekana kama madirisha ya nyumba za watu, na akafikiri ni vizuri kwamba watu wamewasha taa.

Wapakiaji wa mwisho waliacha mlango wa chumba kimoja cha baridi haujashika vizuri. Kwa nje ulionekana umefungwa, na mlinzi wa pale alipita mbele yake bila kuona kitu. Taa nyekundu iliwaka kwenye kisanduku. Mwenzake wa usiku alipofika, akiomba radhi tangu koridoni, alikuta alamu inalia na mama mdogo ameinamia meza, shavu kwenye mkono. Alizima alamu, akamwita fundi, kisha akasema kwenye redio maneno ambayo walinzi hawapendi kuyasikia: "Mlinzi wa kamera amelala lindoni." Alipomgusa bega ndipo alipoona sare imelowa jasho. Muuguzi wa zahanati ya jirani alimpa sukari, na baada ya muda alifumbua macho na kuuliza nani amekaa kwenye kiti.

Dawa za chumba kile zilitengwa zikapimwe. Yeye alisimamishwa kazi mpaka kikao.

Kulala lindoni ni kufukuzwa, na kufukuzwa kwa kosa lile ni kutoka mikono mitupu, na hakuna kampuni nyingine ya ulinzi inayokuajiri. Siku zile za kusubiri alikaa kwetu. Hakulia wala hakulalamika. Aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mama yangu, dada yake mkubwa, alimwambia sema kila kitu, useme kuhusu ugonjwa, useme kuhusu yule mtu wao na simu yake. Alijibu, "Nitajibu nitakachoulizwa, dada," akaenda kulala mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kikao kilifanyika katika chumba cha mafunzo, viti vya plastiki, saa ya ukutani iliyosimama. Meneja alikaa mbele. Kamanda alikaa upande mmoja, na Mrefu alikuwepo kama mwakilishi wa walinzi. Mimi nilimsindikiza mama mdogo, nikaruhusiwa kukaa karibu na mlango kwa kuwa alikuwa bado anayumba akitembea.

"Mazungumzo ya redio yamehifadhiwa," meneja alisema. Hakuwa mkali. "Saa saba mkuu wa zamu amesema amepokea kamera. Kwa hiyo ulipata mapumziko ya chakula. Ulikula nini?"

"Sikutoka."

"Ulipokelewa, hukutoka. Kwa nini?"

"Hakuna aliyekaa."

"Kamanda, ulimpokea?"

Kamanda alitazama mikono yake. "Nilimpokea," alisema. Ulikuwa ukweli wa redio.

"Mama, alikupokea au hakukupokea?"

Nilimwona anamtazama Kamanda. Ninaamini alikuwa anapima: akisema hakupokelewa, mtu yule mwenye watoto watano anaondoka, akisema alipokelewa, yeye ndiye mlinzi aliyepumzishwa, akala au hakula kwa hiari yake, na jioni akalala. Uso wake haukuonyesha kitu. Ulikuwa uso ule wa kutazama skrini.

"Alisema amepokea," alijibu.

"Hilo ni ndiyo?"

"Ndilo nililosikia."

Meneja aliinua kalamu. Hapo ndipo Mrefu alipokohoa. Alikunja miguu yake mirefu chini ya kiti, akaikunjua.

"Bosi, samahani. Saa saba siku ile mimi nilikuwa nakula."

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza, bosi, ndiyo maana nasema. Nilikuwa nakula kibandani, na aliyekuwa ameshika lango langu ni Kamanda. Amesimama pale na kofia yake. Madereva wote walimwona. Sasa kama alikuwa na lango langu, kamera aliipokea na nini?" Akageuka. "Kamanda, kaka yangu, unisamehe. Ulinipa nile. Lakini huyu mama hakula."

Mashine za baridi zilinguruma upande wa pili wa ukuta. Kamanda alivua kofia akaiweka magotini.

"Ni kweli," alisema. "Siku ile na siku nyingi nyingine. Nisingeweza kuwa kote. Nilisema nimepokea ili ionekane imepokelewa."

Meneja aliandika kwa muda mrefu. Shitaka la kulala lindoni lilifutwa. Kamanda alipewa onyo la maandishi, hakufukuzwa. Kisha barua ya heshima ikaja, kama mama mdogo alivyokuwa akiijua: kwa kuwa hali ya afya ya mfanyakazi haiendani na lindo lisiloachwa wazi, ajira imesitishwa, na haki zake zote atalipwa. Alilipwa. Jina lake lilikuwa safi. Kazi hakuwa nayo.

Siku alipokwenda kurudisha sare, Kamanda alitoka nje kumfuata, kofia mkononi.

"Mama, nilikukosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema. "Huko ndani umemwacha nani?"

Kamanda akageuka, akarudi ndani akikimbia.

Miezi kadhaa baadaye Akiba alikuja kumtembelea, amevaa sare, anatoka kazini. Alikuwa amerudishwa. Alieleza kwa furaha, akihesabu kwenye vidole: kupokea kwa redio kumepigwa marufuku, kamera ndiyo inapokelewa kwanza, kabla ya malango, dakika za kutembea zimewekwa kwenye ratiba, wa jioni asipofika, kuna mtu nyumbani amepangwa kabisa kuitwa, na mwenye ugonjwa akisema, anapangiwa saa yake ya kula na haguswi.

"Yote kwa sababu yako, mama," alisema.

"Vizuri," alisema mama mdogo. Aliuliza kama gurudumu la kiti limetengenezwa. Halijatengenezwa. Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua mchele.

Baada ya hapo aliishi miaka isiyo na mengi ya kusimulia. Macho yalipungua nguvu. Alipata kibarua cha kukaa na mtoto wa jirani, akakiacha. Mara nyingi nilimkuta sebuleni kwake, ameketi wima mbele ya televisheni iliyozimwa, wala hakushtuka nilipoingia. Nilimuuliza anafikiri nini. "Sifikiri," alisema. "Nimekaa tu." Mimi nami nilikuwa nimeshafika umri wa kukaa tu, kwa hiyo nilivuta kiti nikakaa.

Mama yangu alipougua ugonjwa wake wa mwisho, tulipokezana kumuuguza nyumbani kwangu. Mimi nilikesha, na mchana mama mdogo alikuja kunipokea, akipapasa ukuta wa ukumbi kwa sababu ya macho. Hakuchelewa hata mara moja. Alifika kabla ya wakati, akasimama nyuma ya kiti changu, akasubiri nieleze: amekunywa kiasi gani, amegeuzwa ubavu upi, dawa ya maumivu ameipata lini. Alishika mkono wa dada yake kuhakikisha una joto. Ndipo nilipoinuka, naye akakaa.

Yeye ndiye aliyetangulia, si mama. Alifia usingizini kwake alfajiri moja, amelala chali, viatu vya kutokea vimepangwa mlangoni. Mchana uliotangulia alikuwa amekuja kama kawaida. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilisahau kumweleza chochote. Nilibaki nimekaa, namtazama mama akipumua. Alisubiri nyuma yangu. Kisha akauliza mwenyewe, jambo kwa jambo, nikajibu jambo kwa jambo. Mkono wake ulinigusa begani, nikanyanyuka. Alijishusha kitini taratibu, akapapasa ukingo wa kitanda mpaka akaupata mkono wa dada yake.

"Nimepokea," alisema. "Nenda kale, mwanangu, kingali cha moto."